Hesabu ya Kumtoa Doto

Mwalimu Regina Jovin alipanga chumba changu cha uani kwa miaka minne, na muda wote huo sikuwahi kumsikia akimtukana mtoto wa mtu. Hilo nalisema mwanzoni kabisa, kwa sababu huko mbele nitamsema yeye, na nikianza kumsema huwa sijui pa kuishia.

Kwao ni Bukoba, na maringo ya kwao hakuyaacha stendi. Sahani zake zilikuwa zake, kigoda chake chake, na akiletewa senene, wale panzi wa kwao wa kukaanga, alikuwa anakula peke yake mlangoni kama anayesali. Lakini kazi aliipenda. Mume wake ni fundi wa magari kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi, na mwisho wa mwezi mwalimu alikuwa anapanda bodaboda hadi Kilosa, kisha basi, akalale siku mbili na mumewe, arudi Jumapili macho yamevimba. Alikuwa ameomba uhamisho ahamie huko. Barua ya uhamisho lakini haitoki kwa mwalimu ikaruka hewani. Inapita kwanza mezani kwa mwalimu mkuu, aandike maoni yake, ndipo ipande juu. Mwalimu mkuu wetu, Yeremia Ngolo, alikuwa ameikalia. Kila akikumbushwa alijibu neno moja: "Tupate kwanza matokeo."

Shule yenyewe iko huku kwetu, kati ya Rudewa na Kimamba, mahali palipokuwa mkonge mtupu zamani. Ni shule ndogo. Wanaoanza darasa la kwanza ni wengi, wanaofika la saba unaweza kuwajua wote kwa majina. Mwaka ule walifika ishirini na watatu, mjukuu wangu Grace akiwa mmojawapo. Januari akaongezeka wa ishirini na nne.

Huyo ndiye Doto, binti wa Mzee Kashindye.

Niseme ukweli wangu. Mimi si mpenzi wa wafugaji. Ng'ombe wao wamelala ndani ya mahindi yangu mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa ng'ombe hana macho. Mzee Kashindye alipofika na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa, akajenga ng'ambo ya reli, nilisema wazi kwamba tumeletewa balaa jingine. Lakini siku aliyompeleka Doto shuleni alipita kwangu kuuliza njia, na neno alilosema nimeshindwa kulisahau. Watoto wake ni mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike. Akaniambia, "Mama, siwezi kuwasomesha wote wawili na ng'ombe wakabaki na nani. Kulwa nimempa ng'ombe. Doto nimempa shule." Alisema hivyo kama mtu anayegawa urithi.

Doto hakuwa mjinga. Alikuwa amekatika. Familia ilikuwa imehama na malisho kutoka huku kwenda kule, na nusu ya darasa la sita ilimpita akiwa njiani. Kuzidisha alijua, hesabu za sehemu hakujua. Sayansi alisimuliwa tu. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na watoto wetu, ambao bibi zao ndani ya nyumba wanasema Kikaguru na Kisagara, walimcheka eti ana lafudhi.

Mwezi wa sita ukaja mtihani wa majaribio wa wilaya. Masomo ni sita, kila moja alama hamsini, kwa hiyo mtoto anasomewa jumla yake juu ya mia tatu. Halafu shule nayo inasomewa wastani: unajumlisha alama za watoto wote, unagawanya kwa idadi yao. Daraja C linaanzia 121. Kikao cha walimu wakuu kilikuwa kimeshaambiwa kwamba shule itakayokuwa chini ya 121 kwenye mtihani wa taifa, mkuu wake aende wilayani akajieleze. Aliyejieleza mwaka wa nyuma sasa anafundisha darasa la pili huko milimani, hana hata kiti cha kuegemea. Yeremia alikuwa analijua hilo kuliko alivyojua jina la mke wake.

Matokeo ya majaribio yalikuja: watoto ishirini na wanne, jumla 2,856. Wastani 119.

Sasa hapa nieleze jinsi Regina alivyokuwa akifundisha, maana kila kitu kilianzia hapo. Yeye hakupenda hesabu za kwenye kitabu, za Juma ana machungwa. Kupima eneo aliwaleta watoto wapime uwanja wangu. Asilimia aliwafundisha kwa kuku wangu waliokufa na kideri, na sikufurahi. "Hesabu isiyo na jina la mtu haikai kichwani, mama," aliniambia. Basi ilipofika mada ya wastani akachukua alama za darasa lenyewe akaziandika ubaoni, na majina.

Mimi sikuwepo, Grace ndiye aliyenisimulia, na Grace hana kawaida ya kuongeza chumvi. Mwalimu aliuliza, "Doto amepata 61. Asingekuwepo, wastani wetu ungekuwa ngapi?" Watoto wakaanza kukwaruza. Ukitoa 61 kwenye 2,856 unabaki na 2,795, unagawanya kwa ishirini na watatu. Wengine waligawanya kwa ishirini na wanne, mwalimu akawasimamisha: mtoto akiondoka anaondoka na alama zake na kiti chake pia, huwezi kutoa alama ukaacha kiti. Kisha akawaonyesha njia fupi. Doto amepungukiwa na wastani kwa alama 58. Hizo 58 wenzake ndio wanaomzibia. Akitoka, wanarudishiwa alama zao 58, wanagawana watu ishirini na watatu, kila mmoja anaongezeka mbili na nusu.

Aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa Doto mwenyewe. "Mwalimu, ni 121 na nusu," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kupata jibu, "Kumbe mimi nikitoka mnafika."

Darasa likacheka. Regina naye, alivyoniambia baadaye, alitabasamu kwa sababu jibu lilikuwa sahihi na lililetwa na mtoto aliyedhani hatalipata.

Somo halikuishia hapo. Aliwauliza pia, je, akitoka Evance, aliyepata 196? Evance amezidi wastani kwa 77, hizo zinaondoka naye, waliobaki wanashuka zaidi ya alama tatu, wanaangukia 115 na ushei. Na akija mgeni mwenye 119 kamili? Wastani haupandi wala haushuki, unabaki palepale. Na mgeni akija na alama nyingi kuliko wastani, anawapandisha wote hata kama wao hawakusoma neno. Yote hayo yaliandikwa. Lakini Mwalimu Mkuu Yeremia alikuwa amesimama mlangoni tangu swali la kwanza, na jibu la kwanza lilipopatikana aliondoka. Ya Evance na ya mgeni hakuyasikia.

Kuanzia siku ile watoto walimpa Doto jina. Walimwita Mbili na Nusu. Nilimchapa Grace kwa hilo, ingawa nakumbuka kwamba sikumchapa sana.

Regina aliumia, nalo nalijua, kwa sababu jioni alianza kuja na Doto hapa uani. Waliketi chini ya dirisha la jiko langu, yeye, Doto na Grace, wakirudia sehemu, wakirudia mfumo wa chakula, wakirudia ngeli, mimi nikipeta mchele na kujifanya siwasikilizi. Mtoto yule alikuwa anakunywa masomo. Ukimwambia kitu leo, kesho anakuuliza kinachofuata. Siku moja alinisaidia kupiga hesabu ya vipimo vya shamba ninalozozana na mjomba wangu, akanionyesha kwamba mjomba ananidhulumu upande wa mtoni. Nikampa ugali na mlenda. Nikajikuta namsubiri.

Jaribio la shule la mwezi wa saba alipata 97. La mwezi wa nane, la mwisho kabla ya mtihani wenyewe, 138. Regina alilipeleka faili ofisini kwa mkuu mbio mbio. Alirudi akiwa amenuna.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema majaribio ya nyumbani yanadanganya. Anaangalia ya wilaya tu."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimwambie nini, mama? Ni mkuu."

Hapo ndipo nilipoanza kunusa kwamba kuna jambo linapikwa, na sikujua ni lipi.

Mtihani wa taifa ulikuja Septemba. Siku za mtihani walimu wa shule husika hawatakiwi kuonekana karibu. Wasimamizi wanatoka shule nyingine, askari anakaa langoni, na mwalimu wako anakaa nyumbani kama mjane. Kwa hiyo Regina alishinda hapa kwangu akifua visivyohitaji kufuliwa. Jioni Grace alirudi. Kabla hajavua viatu mwalimu alimuuliza hesabu ilikuwaje, na Doto kajionaje.

"Doto hakuja," Grace alisema. "Kiti chake kilikuwa kitupu."

Regina aliondoka na ndala miguuni hadi kwa mkuu. Yale waliyosemezana alinieleza usiku uleule, akiwa amesimama, hataki kukaa. Yeremia alikuwa amekwenda nyumbani kwa Mzee Kashindye jioni ya kuamkia mtihani. Alimwambia kwamba namba ya mtihani ya Doto imekuja na kasoro, kwa hiyo asihangaike kuja, atafanya mwakani. Mzee hakusoma, namba za mtihani anazijulia wapi? Alimshukuru mkuu kwa kujisumbua kuvuka reli, akampa na maziwa ya kibuyu. Mkuu akayanywa.

"Mtoto asipofika kwenye mtihani hahesabiwi kwenye wastani, Mwalimu," Yeremia alimwambia Regina. "Unatoa alama na unatoa kiti. Si wewe uliyefundisha? Ile ni hesabu yako mwenyewe."

"Mkuu, ana 138 sasa."

"Ana 61. Ninayo kwenye karatasi yenye muhuri." Kisha akasema, na sauti imelainika, "Barua yako ya Mikumi nitaisaini matokeo yakitoka. Wafugaji hawa hawatahangaika, wewe usijipe shida. Wao shule ni ya kupita tu."

Ilikuwa imebaki siku ya pili ya mtihani. Lakini mtoto aliyekosa masomo ya siku ya kwanza hata ukimkokota siku ya pili umechelewa, na wote wawili walilijua hilo. Nilimwambia Regina aende wilayani asubuhi, aseme. Akaniambia nimwache apumzike kidogo. Alipumzika mpaka matokeo yakatoka.

Yalitoka, na mjukuu wangu alifaulu, alhamdulillahi kwa majirani zangu na Mungu asifiwe kwangu. Wastani wa shule ulikuwa 120.6.

Jumla yao watoto ishirini na watatu ilikuwa 2,774. Mtihani ule ulikuwa mgumu kuliko wa majaribio, wengi walishuka kidogo kidogo, Evance mwenyewe aliugua malaria akashuka sana. Regina alikaa kwenye kigoda chake na kipande cha mkaa, akaandika kwenye sakafu yangu ya saruji. Ili watu ishirini na wanne wawe na wastani wa 121 wanatakiwa kuwa na 2,904. Toa 2,774. Zinabaki 130. Mtu wa ishirini na nne mwenye alama 130 tu angewafikisha. Akaandika 138 chini yake, akajumlisha, akagawanya. 121 na ushei.

 Kisha akaimwagia ile sakafu maji akasugua. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kile kicheko cha uchungu kinachotoka chenyewe. Walimtupa nje ya mtumbwi mtu pekee aliyekuwa na kasia.

Sasa ng'ombe wa maskini hazai. Yeremia aliona wilaya inamwita, akatafuta wa kumtwisha. Akamwandikia mtendaji wa kata kwamba shule imeshuka kwa sababu ya utoro, na kwamba mfugaji mmoja amemzuia binti yake kufanya mtihani wa taifa. Mtu anayemzuia mtoto shule anaitwa, anahojiwa, anatozwa faini, akikaidi analala ndani. Mzee Kashindye akaitwa.

Siku hiyo nilikuwepo ofisini kwa mtendaji kwa ajili ya mahindi yangu yaliyoliwa, na hayo mahindi hayakuzungumzwa hata kidogo. Nilikaa kwenye benchi la ukutani. Mtendaji mezani. Yeremia na suti. Regina aliitwa kama mwalimu wa darasa, alikuja na kitabu cha mahudhurio amekikumbatia kifuani. Mzee Kashindye alikaa peke yake upande wa pili, kofia mkononi, fimbo ameiacha nje kwa heshima.

"Mzee, kwa nini ulimzuia mtoto?" mtendaji aliuliza.

"Sikumzuia, mheshimiwa. Niliambiwa namba yake ina kasoro."

"Na nani?"

Mzee alimnyooshea mkono Yeremia, polepole, mkono wazi, si kidole. "Na huyu mwalimu mkubwa. Alikuja kwangu, akanywa na maziwa."

Yeremia akatikisa kichwa kama anayesikitika. "Mheshimiwa, nilikwenda kumsihi amlete mtoto. Hawa unawajua. Huenda walikuwa na mipango yao ya kumwoza."

Mzee alisimama. Mtendaji akamwambia aketi. Kisha akamgeukia Regina. "Mwalimu wa darasa, unafahamu lolote kuhusu namba kuwa na kasoro?"

Ofisi ile ina feni inayozunguka bila kutoa upepo. Niliisikia. Nilimtazama mpangaji wangu, nikamkazia macho, nikamwita kwa macho kama mtu anavyomwita mtoto aliyesimama katikati ya barabara. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo kwenye sakafu yangu.

"Siku za mtihani sisi walimu haturuhusiwi kuwepo shuleni," Regina alisema. "Kwenye kitabu changu, Doto hakukosa hata siku moja kabla ya hapo."

"Sikukuuliza hilo. Namba?"

"Masuala ya namba yako kwa mkuu."

Basi. Mimi nilisimama, nikasema kwamba mkuu anasema uongo na kwamba nina maneno ya Mwalimu Regina kutoka mdomoni mwake. Mtendaji aliniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema hapana. Kama nilikuwepo mkuu alipokwenda kwa mzee. Nikasema hapana. Akamgeukia Regina: "Mwalimu, uliyasema hayo?" Regina akaangalia kitabu chake, akasema mama huyu ana hasira na mkuu tangu zamani. Nikaambiwa nitoke nje, na nikatoka.

Mzee Kashindye alitozwa faini. Akaandikiwa kwamba ni mzazi aliyekwamisha elimu. Aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akatoka, akachukua fimbo yake. Regina alimkimbilia uani mwa ofisi, mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Hakuniona, au aliniona asijali.

"Shikamoo mzee," alisema.

"Marahaba, Mwalimu." Aliitikia vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonichoma.

"Mzee, nataka ujue. Doto hakuwa anatupunguzia. Angefanya mtihani, shule ingefika. Alikuwa anatuongezea."

Mzee aliivaa kofia yake kwanza. Hakuwa mtu wa haraka. "Hilo umelijua lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Na mle ndani ulipoulizwa," alisema, bila kupaza sauti, "ulikuwa wapi, Mwalimu?"

 Nilidhani atasingizia, kwa sababu anajua kuongea. Lakini alisema ukweli, pale nje, ambapo haukumgharimu kitu.

"Nilikuwa naomba uhamisho, mzee."

Mzee Kashindye aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia akaielewa. "Basi Mungu akujalie ufike salama," alisema, akaenda zake.

Alifika. Januari alihamia Mikumi, na maoni ya mkuu kwenye barua yake yalikuwa mazuri mno, wala hakuondoka kwangu bila kufagia chumba. Doto hakurudi darasa la saba. Baba yake alisema hana shule nyingine ya kugawa, akampeleka Kidodi kwa shangazi yake, anakopikia wakata miwa.